FEDHA ZA AMANA CHUONI: ZIPI HURUDISHWA, NA NAMNA YA KUZIDAI MWANAFUNZI AONDOKAPO

Kila mwaka masomo yamalizikapo, vijana wengi huonekana katika kituo cha magari cha Kisumu wakiwa na masanduku, magodoro yaliyofungwa kwa kamba na mifuko ya vitabu. Wengine wametoka Maseno, wengine Bondo, na wengine wametoka katika vyuo vya ufundi vya mjini Kisumu kwenyewe. Wengi wao huondoka wakiwa wameacha nyuma fedha zao wenyewe, wala hawajui. Fedha hizo si nyingi kwa chuo, lakini kwa mvuvi wa omena wa Dunga au mkulima wa Seme, aliyeuza mbuzi wawili ili kijana wake apate nafasi siku ya kwanza, si fedha za kutupa.

Fedha zinazosemwa hapa ni zile za amana. Wanafunzi wenyewe wamezoea kuziita kosheni. Mwanafunzi huzilipa mara moja aingiapo, nazo hukaa katika hesabu za chuo mpaka atakapoondoka. Zikiwa hazikuliwa na hasara aliyoifanya, hapana budi arudishiwe. Hata hivyo hazirudi zenyewe. Chuo hakimtafuti mtu nyumbani kwao Usenge ili kumpa shilingi zake. Mwenye fedha ndiye anayepaswa kuzidai, tena kwa utaratibu uliowekwa.

TOFAUTI YA ADA NA AMANA

Makosa mengi huanza kwa kutofahamu karatasi ya malipo ya mwaka wa kwanza. Karatasi hiyo ina mistari mingi, na mzazi aliyeishika hutazama jumla iliyo chini, akaenda benki kulipa. Lakini kila mstari una sheria yake, na yafaa mistari mitatu isomwe kwa makini.

Mstari wa kwanza ni ada ya maabara. Fedha hizi hununua vitu vinavyotumika vikaisha: asidi na chumvi za kemia, gesi ya kuwashia moto, maji yaliyotoneshwa, spiriti, glavu, na chakula cha kuoteshea vijidudu katika masomo ya baiolojia. Mwanafunzi amekwisha kuvitumia, au vilinunuliwa kwa ajili yake, basi havirudi. Ada hii hutozwa kila mwaka au kila muhula. Mtu aliyekaa miaka minne bila kuvunja hata kigae kimoja hawezi kudai ada ya maabara, na karani wa fedha anayemwambia hivyo hakumwonea.

Mstari wa pili ndio amana yenyewe. Hii haikununua kitu. Ni rehani iliyowekwa kwa hofu ya kwamba mwanafunzi ataharibu mali ya chuo au ataondoka na deni. Kwa hiyo fedha hizo zimebaki mali ya mwanafunzi, na chuo kimezishika tu. Hata katika hesabu za mwaka za vyuo vikuu vya umma vya Kenya, amana ya wanafunzi huandikwa upande wa madeni, pamoja na amana nyingine zinazopaswa kurudishwa, wala haiandikwi kuwa mapato. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila anayesimama mbele ya dirisha la mhazini, maana anayedai amana haombi msaada. Anadai deni ambalo chuo chenyewe kimeliandika.

Mstari wa tatu ni rehani ya vifaa. Hii hufungwa kwa kitu maalumu kilichokabidhiwa mkononi: ufunguo wa kabati la maabara, seti ya vyombo vya kuchorea, sanduku la zana katika karakana, au ala ya muziki. Kitu kikirudi kikiwa kizima, rehani nayo hurudi, pengine hata kabla ya mwanafunzi kumaliza chuo. Wengi huipoteza kwa sababu hudhani ni sehemu ya ile amana kubwa, na hungoja mwisho, ilhali kila rehani ina stakabadhi yake na daftari lake.

Namna rahisi ya kuzipambanua ni kutazama mambo mawili. Kwanza, je, mstari ule unatozwa mara moja tu, au unarudi kila mwaka? Unaorudi kila mwaka, kwa kawaida, ni ada. Pili, je, kando yake pameandikwa ya kwamba fedha zitarudishwa? Neno hilo likikosekana, mtu asiridhike na jibu la mdomo. Aulize katika ofisi ya fedha mapema, katika mwaka wa kwanza, wakati ambapo hakuna haraka. Majina huweza kudanganya: kuna mahali ambapo malipo yaitwayo ya uharibifu ni ada tu, hayarudi, na mahali pengine malipo ya jina lile lile ni amana.

KIJANA WA SEME NA BYURETI YAKE

Ili jambo lieleweke, na tumfuate kijana mmoja wa mfano, mtoto wa mkulima wa Seme, aliyesoma kemia kwa miaka minne. Hesabu zake ni za mfano tu. Kila chuo kina viwango vyake.

Siku ya kwanza alilipa amana ya shilingi 5,000, rehani ya kabati la maabara shilingi 1,000, na ada ya maabara shilingi 6,000 kwa mwaka. Alipomaliza, baba yake alipiga hesabu nyumbani akatumaini kuona shilingi 30,000 zikirudi, maana aliweka pamoja ada zote nne za maabara na zile nyingine. Lakini shilingi 24,000 za maabara zilikuwa zimekwisha kazi yake. Fedha zilizokuwa na njia ya kurudi zilikuwa shilingi 6,000 tu.

Katika daftari la maabara yaliandikwa mambo mawili juu yake. La kwanza lilikuwa byureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye alama na bomba dogo chini, iliyovunjika katika mwaka wa pili. Bei yake iliandikwa shilingi 1,500. La pili lilikuwa kipimajoto cha shilingi 600, kilichokutwa kimevunjika baada ya kazi ya kundi la watu watano, na mvunjaji hakujulikana. Hapo kila mmoja aliandikiwa shilingi 120. Kugawana hasara namna hii ni desturi ya maabara nyingi, wala si ajabu. Lakini kunaumiza pale ambapo mmoja alikuwa hayupo siku ile. Ndiyo maana jina la mtu lisiachwe katika orodha ya kundi ambalo hakufanya nalo kazi.

Maktaba nayo ilimdai shilingi 380, kwa kitabu kilichochelewa siku 38 kwa shilingi 10 kila siku. Bwenini alipoteza ufunguo, akaandikiwa shilingi 300. Jumla ya makato yote ilikuwa shilingi 2,300. Kwa hiyo katika amana ya shilingi 5,000 zilibaki 2,700. Ufunguo wa kabati la maabara aliurudisha, basi shilingi 1,000 za rehani zilirudi zote. Alipaswa kupata shilingi 3,700.

Lakini alipofika kwa mhazini aliambiwa hana kitu, ila yeye ndiye anadaiwa shilingi 300. Sababu yake ni kwamba katika hesabu ya karo yake palionekana deni la shilingi 4,000, la mtihani aliourudia katika mwaka wa tatu. Chuo kina desturi ya kukata deni la karo katika amana kabla ya kumrudishia mtu kilichobaki. Kijana huyo alikuwa amelipa shilingi zile 4,000, tena benki, lakini aliandika namba ya usajili vibaya katika hati ya benki, akageuza tarakimu mbili. Fedha ziliingia chuoni, zikakaa katika hesabu ya malipo yasiyojulikana mwenyewe.

Alichomwokoa ni ile hati ya benki, ambayo mama yake aliitunza ndani ya Biblia. Karani alizitafuta fedha kwa tarehe na namba ya malipo, akazihamisha, na deni likafutika. Kama hati isingekuwapo, angalitakiwa kwenda benki kuomba taarifa ya malipo ya zaidi ya mwaka mmoja uliopita, kazi inayowezekana lakini yenye kuchosha. Siku hizi, ambapo watu hulipa kwa simu, ujumbe wa malipo ndio stakabadhi; anayeufuta ili kupata nafasi katika simu hufuta ushahidi wake.

KUTAZAMA CHOMBO KABLA YA KUKIPOKEA

Katika hesabu ile, kitu kikubwa kilichokula amana ni byureti moja. Inafaa kukaa kidogo juu ya jambo hili, kwa maana hapa ndipo mwanafunzi anapoweza kujilinda tangu mwanzo.

Mwanzoni mwa mwaka, wanafunzi hupewa vyombo vya kioo, wakatia sahihi katika daftari ya kwamba wamevipokea vikiwa vizima. Wengi hutia sahihi upesi, maana foleni ni ndefu na fundi wa maabara anaita jina la pili. Sahihi hiyo ndiyo inayohukumu baadaye. Chombo kilichokuwa na ufa tangu zamani kitakuwa kimevunjwa na yule aliyekishika mwisho.

Ufa katika chupa au bika huonekana kwa kuigeuza pole pole mbele ya dirisha. Mara nyingi huwa mdogo, umbo lake kama nyota, penye kitako, mahali ambapo chombo kiligongwa juu ya meza. Chombo cha namna hiyo kisipokewe kamwe, si kwa ajili ya fedha tu, bali kwa sababu kikiwekwa juu ya moto huweza kupasuka na kumwaga kilichomo.

Byureti hutazamwa sehemu mbili. Ya kwanza ni ncha ya chini. Ikiwa imemeguka, matone hutoka kwa ukubwa usio sawa na hesabu ya jaribio huharibika. Ya pili ni bomba lake. Byureti hutiwa maji mpaka penye alama, bomba likafungwa, ncha ikapanguswa, kisha ikaachwa imesimama kwa dakika chache. Maji yakishuka chini ya alama, au tone likining'inia penye ncha, bomba linavuja. Fundi aambiwe pale pale, naye aandike katika daftari kabla ya sahihi.

Kijana wa Seme alipoitazama upya hesabu yake, alikumbuka ya kwamba mrija wa byureti haukuvunjika hata kidogo. Kilichovunjika ni bomba. Katika byureti za zamani bomba ni la kioo, lililosagwa lipatane na tundu lake, na la byureti moja halitoshei nyingine vema. Kwa byureti hizo bei ya chombo kizima huwa na haki. Lakini byureti nyingi za sasa zina bomba la plastiki laini na nyeupe, linaloweza kutolewa na kutiwa jingine. Basi aliuliza kwa adabu kama iliyovunjika ilikuwa ya namna gani. Fundi alifungua daftari, akaona ya kwamba ilikuwa ya kioo, akamwonyesha. Kijana alikubali, wala hakuna aliyekasirika. Kuuliza sababu ya tozo si utovu wa adabu, na mfanyakazi anayejua kazi yake hufurahi kuonyesha alichokiandika.

Laiti angekuwa na karatasi ya siku ile, asingehitaji hata kuuliza. Chombo kinapovunjika, yafaa mwanafunzi aone kikiandikwa: jina la kitu, sehemu iliyovunjika, tarehe na bei. Akiweza kulipa siku hiyo hiyo na kupewa risiti, ni vizuri zaidi, maana bei ya vioo hupanda, na kuna maabara zinazotoza bei ya siku ya kuondoka, si ya siku ya kuvunja.

SAFARI YA FOMU

Anayetaka amana yake huanza kwa kupata fomu ya kuondokea, ambayo wengi huiita fomu ya kliaransi. Katika vyuo vingine fomu hii ni ya karatasi. Katika vingine hujazwa katika tovuti ya wanafunzi, na kila idara hutia alama yake huko. Hata pale ilipo katika tovuti, kitabu na ufunguo haviwezi kurudishwa kwa njia ya simu. Ni lazima mtu afike mwenyewe, au amtume mwenziwe avikabidhi na kupewa hati.

Fomu hupita katika maabara au karakana, maktaba, bweni, idara ya michezo, mkuu wa idara ya masomo na ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Mwisho wake ni ofisi ya fedha. Kitambulisho cha chuo hurudishwa karibu na mwisho. Mtu akikitoa mapema ataona taabu, kwa kuwa atakitafuta tena mlangoni mwa maktaba.

Mpango wa kuzizungukia ofisi hizi una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Inafaa kuanza na maabara. Huko kuna vyombo vya kuhesabu mmoja mmoja, na fundi anayevihesabu ni mtu mmoja au wawili tu, ambao huenda likizo mara mitihani inapokwisha. Maktaba humaliza kazi kwa dakika chache, mradi vitabu vipo. Michezo nayo ni ya sahihi tu, ila kwa yule aliyechukua jezi ya timu akaigeuza vazi la nyumbani.

Mhazini huja mwisho kwa sababu yeye hukusanya makato ya wote. Hapo mwanafunzi aombe taarifa kamili ya hesabu yake tangu siku ya kwanza, aitazame mambo mawili: kwamba amana imeandikwa peke yake, na kwamba hakuna deni asilolijua. Huonekana mara nyingine amana imetiwa pamoja na karo ya muhula wa kwanza, ikaonekana kana kwamba imeliwa. Hilo ni kosa la uandishi. Karatasi ya malipo ya mwaka wa kwanza hulisahihisha.

Baada ya hapo ndipo hujazwa fomu ya kurudishiwa fedha, ambayo ni nyingine kabisa. Watu wengi hukosea hapa. Humaliza fomu ya kuondokea, wakapata cheti au matokeo, wakadhani amana itakuja yenyewe. Fomu ya kwanza husema tu ya kwamba mtu hana deni. Ya pili ndiyo inayosema: nilipeni. Huambatanishwa na nakala ya kitambulisho cha taifa, risiti ya malipo ya amana, na hesabu ya benki au namba ya simu ya kupokelea fedha. Jina la hesabu ya benki liwe sawa na la kitambulisho. Mara kwa mara malipo hurudi chuoni kwa sababu mwanafunzi alitoa hesabu aliyoifungua ajapo chuoni, ambayo imelala bila kutumiwa mpaka benki ikaifunga.

Haya yote yafaa kumalizwa kabla ya kwenda nyumbani. Anayekaa Rusinga au Mfangano alijue hili zaidi ya wengine. Akisahau sahihi moja, atarudi kwa feri kutoka Mbita mpaka Luanda Kotieno, na kutoka hapo kwa gari mpaka Bondo au Kisumu, alale, kisha arudi. Nauli na chakula cha safari mbili za namna hiyo huweza kumaliza amana yote. Wako waliofanya hesabu hiyo wakaziacha fedha zao, na hesabu yao ilikuwa sahihi.

Joho la mahafali lina daftari lake. Mahali pengi mwanafunzi hulikodi, na hutakiwa kulirudisha kabla ya siku iliyotajwa. Akichelewa hutozwa faini, na faini yaweza kukatwa kabla ya kupewa cheti. Anayelirudisha kwa mkono wa rafiki amwambie asiondoke dirishani bila kipande cha karatasi kinachoonyesha jina, tarehe na saa.

WANAOONDOKA KABLA YA WAKATI

Si wote wanaoondoka kwa mahafali. Wako wanaohama chuo, wanaougua, na wanaokosa karo wakarudi nyumbani kimya kimya. Hawa ndio wanaopoteza zaidi. Mwanafunzi asiyeandika barua ya kuondoka huendelea kuhesabiwa kuwa yumo, na katika vyuo vingine huendelea kuandikiwa karo ya muhula baada ya muhula. Siku atakapokuja kuuliza amana yake atakuta deni kubwa linalomngoja. Barua fupi ya kuacha masomo, iliyopokewa kwa mhuri wa ofisi ya msajili, nakala yake ikabaki kwa mwanafunzi, huzuia jambo hilo. Anayehama naye ajue ya kwamba amana haihami pamoja naye. Ataidai kule alikotoka, na kulipa nyingine kule aendako.

FEDHA ZIKICHELEWA

Chuo kikisha kukubali kwamba mtu anadai, malipo huweza kuchukua majuma, pengine miezi. Sababu ni nyingi. Orodha huhitaji kuidhinishwa, na vyuo vikuu vya umma vya Kenya vimekuwa na madeni ya mabilioni ya shilingi kwa miaka mingi. Pale fedha za amana zilipochanganywa na fedha za matumizi ya kila siku, anayedai hungoja foleni pamoja na wauza vyakula na walimu. Hilo halifuti haki yake, ila linaeleza kwa nini karani wa dirishani hana jibu.

Barua ndiyo dawa, si kelele. Iandikwe kwa mhazini, itaje jina kamili, namba ya usajili, mwaka wa kuingia na wa kutoka, kiasi cha amana, namba ya risiti, tarehe fomu ya kuondokea ilipokamilika, na njia ya kulipwa. Mwishowe iulize maswali mawili tu: ni makato gani yaliyofanywa, na malipo yatafanywa lini? Sheria ya Kenya ya kupata habari, ya mwaka 2016, humpa raia haki ya kuomba habari kwa taasisi ya umma, nayo taasisi hupaswa kutoa uamuzi juu ya ombi katika muda wa siku 21. Sheria nyingine, ya mwaka 2015, juu ya haki katika matendo ya utawala, humpa mtu haki ya kudai sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomdhuru.

Siku zikipita bila jibu, mlalamikaji anaweza kuipeleka nakala ya barua yake kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsmani. Tume hii ina ofisi Kisumu, hivyo mtu wa pwani ya ziwa hana haja ya kwenda Nairobi. Haitozi ada. Lakini itauliza kwanza kama chuo kilipewa nafasi ya kujibu, na ndiyo maana barua yenye mhuri wa kupokelewa ina thamani kuliko ziara kumi za mdomo.

AMANA YA MIAKA MINGI ILIYOPITA

Kuna wale waliomaliza zamani, wakasahau. Mwaka 2011 Bunge la Kenya lilipitisha sheria juu ya mali za kifedha zisizodaiwa, na kwa sheria hiyo ikaundwa Mamlaka inayozitunza mali hizo. Taasisi iliyoshika fedha za mtu mpaka muda uliowekwa upite bila mwenyewe kuonekana haipewi ruhusa kuzifanya zake. Hupaswa kuzipeleka kwa Mamlaka hiyo, pamoja na orodha ya majina. Amana za wanafunzi ni miongoni mwa fedha zinazoweza kufika huko.

Mtu hutafuta jina lake kwa kubonyeza *361# katika simu, au katika tovuti ya Mamlaka, au kwa kufika Huduma Senta. Atumie namba ya kitambulisho cha taifa, na ikiwa haikuleta kitu, aulize pia chuoni, maana orodha nyingi za zamani ziliandikwa kwa namba ya usajili na jina tu. Kama fedha hazijapelekwa, basi bado zimo chuoni na zinadaiwa huko huko. Kudai hakuhitaji wakala. Wako watu wanaopita wakijitia kuwatafutia wengine fedha zao kwa kukatwa sehemu, au wakitaka ada kabla. Asiye na shida ya kusoma fomu hana sababu ya kuwapa.

Iwapo mwanafunzi alifariki, wazazi au mjane anaweza kudai kwa niaba yake. Wataulizwa cheti cha kifo na uthibitisho wa kuwa wao ndio warithi. Kwa fedha kidogo za namna hii yafaa waulize kwanza chuoni ni hati gani itakayokubaliwa, kabla ya kugharimika mahakamani. Barua ya chifu wa eneo, inayowataja warithi kwa majina na namba za vitambulisho, ndiyo huombwa mwanzo.